Kahawa haiondoi uchovu, inakalia siti yake

*Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, umri miaka 36, napakia Dar kwenda Tunduma. Naondoka Kibaha saa 2 usiku baada ya vikombe vitatu vya kahawa chungu. Morogoro, saa 6 usiku, nakunywa chupa moja ya enaji. Saa 10 alfajiri, kabla ya kupanda Kitonga, nakunywa mbili kwa mpigo. Wiki iliyopita haikupita hata robo saa baada ya hizo mbili, nikashtuka tairi za kushoto ziko kwenye changarawe, na nina hakika macho yalikuwa wazi. Nikifika Iringa saa 3 asubuhi nalala kitandani nageukageuka tu, usingizi hauji. Utingo wangu anakunywa kama mimi na analala fofofo. Siku za mapumziko nyumbani kichwa kinagonga mpaka nimeze Panadol Extra. Je, enaji za siku hizi hazina nguvu, au mwili umezizoea? Niongeze ngapi?*

Usiongeze hata moja, ndugu yangu. Enaji zako zinafanya kazi yake sawasawa, ila kazi yake siyo ile unayoidhania. Pole kwa lile la changarawe, na nashukuru umeandika ukiwa mzima. Nitalirudia huko mbele, maana ndani ya ile robo saa kuna jambo ambalo madereva wengi hawaambiwi.

Tuanze na neno "nguvu", kwa sababu limewapoteza wengi. Kafeini haitii nguvu mwilini. Ugali unatia nguvu, sukari iliyomo kwenye hiyo chupa inatia nguvu, lakini kafeini yenyewe haichomwi na mwili kama chakula. Dereva anayesinzia usiku wa manane hajaishiwa sukari, tena pengine amekula sahani nzima ya wali na maharage pale Msamvu. Kilichompata ni kwamba ubongo wake umepokea taarifa ya uchovu na umeanza kuitii. Kafeini inaingilia hapo tu, kwenye upokeaji wa taarifa. Mkemia wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, aliitoa kwenye buni mwaka 1819, na ikachukua karne moja na nusu hivi kabla wataalamu hawajaelewa inavyofanya kazi. Walikuwa wanatafuta kitu ambacho kafeini inakiwasha, kumbe siri yake ni kile inachokizuia kuwaka.

Taarifa yenyewe inaletwa na kemikali iitwayo adenosini. Utaielewa vizuri ukijua inatoka wapi. Seli za ubongo, kama seli nyingine zote, zinaendeshwa na mafuta ya aina moja ambayo wanafunzi wa baiolojia wanayajua kwa jina la ATP. Hiyo A ya kwanza ndiyo adenosini, imebeba fosfeti tatu mgongoni. Seli ikitaka nishati inang'oa fosfeti, na mwisho wa safari adenosini inabaki tupu na kumwagika nje ya seli. Kadiri unavyokaa macho, ndivyo inavyozidi kurundikana katika sehemu za ubongo zinazoshughulika na kulala na kuamka. Mwaka 1997 watafiti waliipima ndani ya bongo za paka waliozuiwa kulala: saa zilivyoongezeka nayo ilipanda, na walipoachwa walale ikashuka. Kwa hiyo adenosini ni kama majivu ya jiko. Ukiona majivu mengi, hata kama hukuwepo, unajua moto umewaka muda mrefu.

Majivu hayo yana mahali pa kufikia. Juu ya utando wa seli za ubongo kuna vipokezi, vijumba vidogo vilivyochongwa kwa umbo la adenosini. Naomba uvifikirie kama siti za daladala. Adenosini ni abiria. Akipata siti na kukaa, konda anagonga bati na gari linaondoka, maana yake seli inapata amri. Ziko aina kadhaa za siti, ila mbili ndizo zinazokuhusu. Aina ya kwanza, inayoitwa A1, ikikaliwa huzitandika breki seli zinazokuweka macho. Ya pili, A2A, ikikaliwa huziamsha seli ambazo kazi yake ni kukulaza. Jioni, abiria wakiwa wengi na siti zikijaa, breki zinakolea na kope zinakuwa nzito.

Kafeini ina umbo linalokaribia sana la adenosini, kiasi cha kuweza kukaa kwenye siti ileile. Ila ikikaa, konda hagongi. Siti imekaliwa, amri haitoki. Adenosini anafika, anakuta mtu ameketi, anabaki kusimama mlangoni. Huo ndio mchezo mzima wa kahawa, chai na enaji. Mwaka 2005 jambo hili lilithibitishwa kwa panya waliozaliwa bila siti za A2A: walipewa kafeini na haikuwaongezea muda wa kukaa macho. Wenzao waliokosa A1 peke yake walikesha kama kawaida. Kwa hiyo tunajua hata siti yenyewe ambayo kahawa yako inaigombea.

Sasa angalia kilichobaki pale kituoni. Kafeini haikumfukuza abiria hata mmoja. Lori linaendelea kutembea, wewe unaendelea kukaa macho, seli zinaendelea kuchoma ATP, na adenosini inaendelea kumwagika. Foleni inarefuka huku ndani ya gari kukiwa kimya. Siti hazikufungwa kwa misumari pia. Kafeini huketi, huinuka, huketi tena, na kila inapoinuka abiria aliye karibu anawahi. Kafeini ikipungua kwenye damu na foleni ikiwa ndefu, siti zinanyakuliwa na uchovu wa saa zote zile unaonekana kama umekuja ghafla. Watu husema "kahawa imeisha nguvu nikaanguka". Uchovu ule ulikuwepo muda wote, ulikosa pa kukaa tu. Na wa kuipunguza foleni hiyo ni usingizi peke yake.

Turudi kwenye safari yako, tuipigie hesabu.

Nitakisia, kwa kuwa chupa zako sijaziona. Chukua kikombe kidogo cha muuza kahawa kuwa na miligramu 30 za kafeini, ingawa kahawa ya dele hutofautiana sana kwa mpikaji na mpikaji. Chukua chupa ya enaji ya mililita 300 yenye miligramu 30 katika kila mililita 100, yaani 90 kwa chupa. Soma lebo za kwako urekebishe. Basi umekunywa 90 saa 2 usiku, 90 saa 6, na 180 saa 10 alfajiri. Jumla 360. Kiwango ambacho wataalamu wengi wanakubali kwa mtu mzima mwenye afya ni mpaka miligramu 400 kwa siku, na kinapogawanywa isizidi 200 kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo hujavuka mpaka, lakini umeukaribia, na ukiongeza chupa moja tu utakuwa umeruka.

Kwa mtu wa kawaida, nusu ya kafeini iliyomo mwilini huondolewa kila baada ya saa 5 hivi. Ukipanda kitandani Iringa saa 3 asubuhi, kahawa ya Kibaha imebakiza kama miligramu 15. Chupa ya Morogoro imebakiza 25 na ushee. Zile mbili za alfajiri zimetimiza saa 5 kamili, kwa hiyo nusu yake ipo, 90. Ukijumlisha unapata kama 130. Yaani unajifunika shuka huku mwilini mna kafeini ya karibu chupa moja na nusu, kama vile ungeinywa kitandani. Foleni ya adenosini ni ndefu kweli, umekesha usiku kucha, lakini siti nyingi bado zimekaliwa. Ongeza jua linalopenya dirishani na saa ya mwili inayosema ni asubuhi, ndiyo maana unageukageuka.

Na hata ukibahatika kulala, usingizi huo ni hafifu. Kuna jaribio lililofanywa Marekani ambapo watu walipewa miligramu 400 zikiwa zimebaki saa 6 kabla ya kulala. Usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa nzima kwa vipimo vya mashine, na wenyewe hawakuhisi kuwa umepungua kiasi hicho. Hapo ndipo mduara unapojifunga. Umelala vibaya Iringa, foleni haikumalizika, jioni unaamka ukiwa na abiria wa jana, unaongeza chupa, kesho unalala vibaya zaidi.

Sasa ile robo saa. Kafeini ikimezwa haifiki kichwani papo hapo. Inapita tumboni, inaingia utumbo mwembamba, inachukuliwa na damu, na kilele chake ni baada ya nusu saa hadi saa nzima, wakati mwingine zaidi kama umeshiba. Watu wengi husikia wamechangamka mara tu wanapomaliza chupa. Ubaridi wa kinywaji, utamu, kule kusimama na kunyoosha miguu, na imani yenyewe vinachangamsha kwa dakika chache. Wewe ulikunywa saa 10, ukarudi barabarani hapohapo, na ndani ya robo saa tairi likawa kwenye changarawe. Zile chupa mbili zilikuwa bado zinaanza kuingia kwenye damu. Uliyokuwa unategemea wakati ule ni mabaki ya Morogoro na Kibaha, ambayo kwa hesabu yetu hayakufika 90, dhidi ya foleni ya siku nzima.

Muda huohuo ulikuwa unapambana na adui wa pili ambaye kafeini haimgusi sana. Ndani ya ubongo kuna saa ya mwili inayofuata mwanga na giza. Haijali umelala kiasi gani. Kuanzia kama saa 8 usiku mpaka saa 12 asubuhi inashusha joto la mwili na kukuvuta kulala kwa nguvu kuliko muda mwingine wowote. Foleni ya adenosini ikikutana na bonde hilo, ubongo unaanza kulala kwa vipande. Sekunde mbili, nne, wakati mwingine kumi. Macho yanaweza kubaki wazi kabisa, ndiyo maana una hakika hukuyafumba, na nakuamini. Lakini kilichokuwa mbele yake hakikuwa kinasomwa. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ni karibu mita 90 bila dereva.

Dalili zake zinajulikana, zitazame kwa uaminifu. Hukumbuki kilomita mbili tatu ulizopita. Gari linatembeatembea kwenye njia yake na unalirudisha kwa kushtuka. Unakodolea taa za gari la mbele bila kuona gari. Mwendo unapanda na kushuka bila mlima. Kupiga miayo ni hatua ya mapema. Ukifika kwenye hizi nyingine, tayari umeshalala mara moja au mbili bila kujua.

Kinachotisha ni kwamba kafeini inaweza kukuondolea hisia ya usingizi kabla haijakurudishia akili timamu. Nikiwa daktari wa mafunzo kwa vitendo, zamu ya usiku wa tatu mfululizo, nilikunywa kahawa kali saa 9 nikajiona mwepesi kuliko wote wodini. Muuguzi mmoja akanirudishia faili bila kusema neno. Nilikuwa nimeandika dozi ya mgonjwa wa kitanda cha 7 kwenye faili la kitanda cha 8, kwa mwandiko mzuri kabisa. Watafiti wa jeshi la Marekani nao waliwalaza watu saa 5 tu kwa usiku tano mfululizo, wakawapa baadhi yao miligramu 200 mara mbili kwa siku. Siku za mwanzo waliokunywa kafeini walifanya vizuri kuliko wenzao. Kufikia usiku wa tatu faida ikawa haionekani tena. Dereva anayepiga safari tatu bila usingizi wa maana yuko hapohapo.

Umeuliza kama mwili umezoea. Ndiyo, na unaona alama yake nyumbani siku za mapumziko. Ubongo ukiona kila siku abiria wanakosa pa kukaa, haunyamazi. Unafanya kama mwenye daladala, unaongeza siti, na zilizopo unazifanya zipokee amri kwa urahisi zaidi. Baada ya wiki moja mbili, chupa iliyokuwa inaziba siti nyingi sasa inaacha nyingi wazi, na wewe unahitaji mbili ili ujisikie kama zamani ulipokuwa hujanywa kitu. Ukiacha ghafla, siti zote zile zilizoongezwa zinakaliwa na adenosini kwa pamoja. Adenosini pia huitanua mishipa ya damu ya kichwani, wakati kafeini ilikuwa inaibana. Mishipa inafunguka, na kichwa kinagonga. Maumivu haya kwa kawaida huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, huwa makali zaidi siku ya kwanza na ya pili, na huweza kukaa hadi siku 9 hivi. Huja na uzito, hasira za bure na kushindwa kutulia kwenye jambo. Mke wako pengine amekwisha kuyaona hayo kabla yangu.

Na Panadol Extra? Geuza pakiti usome mgongoni. Kila kidonge kina paracetamoli miligramu 500 na kafeini miligramu 65. Vidonge viwili ni kafeini 130. Ulipodhani unatibu kichwa, ulikuwa unajirudishia kile ambacho kichwa kilikuwa kinakililia, na maumivu yakaahirishwa. Dawa si mbaya, ila kwa tatizo lako inazungusha gurudumu lilelile. Paracetamoli ya kawaida, isiyo na kafeini, inatosha.

Utingo wako sasa. Hukuandika, lakini ningeweka dau kwamba anavuta sigara. Kafeini huvunjwavunjwa kwenye ini na kimeng'enya kimoja hasa, na moshi wa sigara hulifanya ini litengeneze kimeng'enya hicho kwa wingi. Ule ni moshi, wala si nikotini. Mvutaji huiondoa kafeini kwa karibu muda nusu ya ule anaoutumia asiyevuta. Kwa hesabu ya mapema, huyo angelala Iringa akiwa na miligramu 55 hivi badala ya 130. Haya si matangazo ya sigara, na mvutaji anayeacha ghafla huku akiendelea na kahawa yake ileile hujikuta ametetemeka usiku kucha. Na kama havuti, basi ni uzao tu. Watu wanatofautiana kwa kurithi, mmoja anaondoa nusu kwa saa 2 au 3, mwingine saa 8 au zaidi. Wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango huchukua karibu mara mbili ya muda wao wa kawaida. Kunywa sawa na mwenzako hakuwafanyi kuwa na kiasi sawa kichwani.

Ufanye nini, basi? Sitakwambia uache kabisa, kwa sababu kafeini ikitumika kwa akili inaokoa maisha barabarani. Kinachohitaji kubadilika ni saa za kunywa, na kitu cha kuambatana nayo.

Anza kabla ya safari. Lala mchana wa siku ya kuondoka, hata saa moja na nusu, katika chumba chenye giza. Utaipunguza foleni kabla hujaondoka, na kahawa ya Kibaha itakuwa na kazi nyepesi. Kwa kweli ile kahawa ya saa 2 usiku ndiyo unayoihitaji kidogo kuliko zote. Saa ile mwili bado uko macho wenyewe. Kama unaipenda kwa sababu ya kashata na soga za pale kijiweni, kunywa kikombe kimoja na soga mpaka ukinai.

Ihifadhi kafeini kwa ajili ya bonde, na iwahi bonde. Chupa moja kama saa 7 usiku itakuwa kileleni saa 8, wakati saa ya mwili inapoanza kukuvuta. Nusu chupa nyingine, au chupa ndogo, inywe si baada ya saa 9. Hapo, ukipanda kitandani saa 3 asubuhi, utakuwa umebakiwa na kama nusu ya ulicho nacho sasa. Si sifuri, lakini usingizi utapata pa kuingilia.

Kisha, kabla ya Kitonga, fanya kile ambacho kimepimwa kwa madereva pale Loughborough, Uingereza, miaka ya 1990. Egesha mahali salama, Ruaha Mbuyuni pana magari mengi usiku. Kunywa hiyo kafeini yako ya mwisho haraka, usiinywe kidogokidogo, halafu funga milango, weka kengele ya simu dakika 20, ulale. Watu hucheka nikiwaambia wanywe kahawa ndipo walale. Lakini kumbuka safari ya kafeini: inahitaji nusu saa kufika. Wakati huo unaulaza ubongo, foleni inapungua kidogo, na kafeini inapowasili inakuta siti nyingi ziko wazi na washindani wachache. Waliofanya yote mawili waliendesha vizuri kuliko waliofanya moja tu. Usizidishe dakika 20. Ukilala 45 utaamka kutoka kwenye usingizi mzito, kichwa kimejaa pamba, na hiyo ni hatari nyingine kwenye kona za mlima ule. Baada ya kuamka tembea kidogo kuzunguka gari, piga tairi, ndipo uwashe.

Ujue pia kikomo chake. Kikombe na dakika 20 vinanunua muda mfupi tu, si usiku mzima. Kama dalili za sekunde zilizopotea zinarudi baada ya hapo, hakuna chupa itakayokusaidia. Ni kulala saa kadhaa, au kumpa usukani mwenye leseni. Najua tajiri anapiga simu na mzigo una muda wake. Mpigie wewe kwanza, umwambie uko wapi na utaondoka saa ngapi. Na kuhusu majani, wapo wanaokuambia mirungi ni kahawa tu ya aina nyingine. Siyo. Mirungi haikalii siti ya adenosini, inaukamua ubongo utoe vichangamshi vyake, inausukuma moyo, inaondoa woga pamoja na usingizi. Dereva asiye na woga Kitonga simtaki nyuma yangu wala mbele yangu. Na hapa kwetu ni haramu kisheria.

Ili kuirudisha kafeini kwenye nguvu yake, punguza polepole. Toa robo ya kiasi cha siku kila baada ya siku tatu au nne mpaka ufike nusu, yaani kama 180. Anza wiki ambayo huna safari ndefu, maana siku za mwanzo utakuwa mzito. Siku za mapumziko usiache kabisa kwa ghafla, kunywa chai kikombe kimoja asubuhi. Baada ya wiki mbili hivi ubongo huwa umeziondoa siti nyingi za ziada, na chupa moja ya saa 7 utaishangaa.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyapima. Fika hospitali au kituo cha afya ukisikia moyo ukiruka mapigo au kwenda mbio ukiwa umekaa, kifua kikibana, au ukizimia. Wakikupima presha, waambie umekunywa kafeini saa ngapi, kwa sababu inaipandisha kwa muda. Ukiandikiwa antibiotiki ya siprofloksasini, ambayo kwa matumbo na mkojo hutolewa sana, sema kwamba unatumia enaji. Dawa hiyo hulizuia ini kuvunja kafeini, na chupa moja inakuwa kama mbili.

Jambo moja zaidi nataka umuulize mke wako na utingo, si wewe mwenyewe. Je, unakoroma kwa sauti, halafu pumzi inakatika kimya kwa sekunde kadhaa, kisha unashtuka kama mtu aliyekuwa anazama? Je, hata ukilala saa 8 za usiku nyumbani unaamka umechoka na mdomo mkavu? Hali hiyo ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Huwapata sana wanaume wenye shingo nene na uzito uliozidi, na kazi ya kukaa siku nzima inachangia. Mwenye ugonjwa huo hapunguzi foleni hata akilala, na anaweza kunywa enaji miaka kumi akidhani ni mvivu. Unatibika, ila lazima upimwe ana kwa ana. Ukienda kwa daktari, chukua zile chupa tupu na pakiti ya vidonge uende navyo, na uandike kwenye karatasi saa ulizokunywa kwa safari moja kamili, kama ulivyoniandikia mimi.